Biashara ya misafara kwenye karatasi moja

Mhadhara wa saa mbili kuhusu biashara ya Afrika Mashariki humwachia mwanafunzi kurasa saba au nane za daftari zilizojaa miaka. Wiki ya mtihani ikifika, wengi huichukua miaka hiyo na kuipanga kuanzia juu hadi chini, kisha wanaikariri kama ilivyo. Swali likija kuuliza kwa nini biashara ya misafara ilibadilika kati ya 1840 na 1914, orodha hiyo haiwafai kitu, kwa maana haionyeshi jambo gani lilizaa jingine.

Tuchukue njia moja tu, ile ya kati, iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Soma daftari lote mara moja bila kalamu. Ukirudia, weka alama mbili tofauti: nukta kwa jambo lililotokea siku au mwaka mmoja, na mstari mnene kwa jambo lililochukua miaka. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Sayyid Said kuhamishia makao yake Unguja huandikwa 1840, na vitabu vingine huandika 1832, basi mwanafunzi anabaki kubishana na mwenzake nani yuko sahihi. Said alifika Unguja mara ya kwanza 1828, akawa anakwenda na kurudi Maskati kabla ya kutulia. Huo ni mstari mnene wa 1828 hadi 1840, na pembeni yake unaandika ule mwaka ambao mhadhiri wako ameutaja.

Chora sasa safu tatu kwa upana wa karatasi. Ya juu ni ya mamlaka, ya kati ni ya bidhaa, ya chini ni ya njia na wachukuzi. Miaka inapita juu ya safu zote, ili jicho lishuke moja kwa moja kutoka kwa mtawala hadi kwa mpagazi. Safu ya bidhaa itakuwa na pembe za ndovu na watumwa kutoka bara, na nguo za merikani, shanga na bunduki kutoka pwani. Safu ya chini itakuwa na Wanyamwezi, waliobeba mizigo hiyo mabegani, na Mirambo, ambaye vita vyake na Waarabu wa Tabora vilivyoanza 1871 vilivuruga njia hiyo. Usisahau muda wa safari: Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia Tabora Novemba. Utauhitaji baadaye.

Nukta inayostahili nafasi kubwa kuliko zote ni 1873. Mwaka huo Sultani Barghash, akisukumwa na Waingereza, alitia saini mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Ukiandika “1873, utumwa ulikomeshwa” umekosea. Mkataba uligusa bahari na soko. Wafanyabiashara waliwapitisha watumwa nchi kavu kandokando ya pwani, hata Barghash akalazimika kutoa amri nyingine mwaka 1876 ya kuzuia misafara hiyo. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yaliendelea kutumia watumwa, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria huko hadi 1897. Kwa hiyo chora nukta ya 1873 kwenye safu ya mamlaka, halafu kwenye safu ya bidhaa uvute mstari unaoendelea mpaka 1897. Pengo kati ya sheria na hali halisi litaonekana bila maneno mengi, na watahini hupenda kuuliza hapo.

Sehemu ya ukoloni ni fupi kuijaza. Wajerumani walihamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Vuta mshale kutoka reli kwenda kwa wapagazi na uandike: treni ilipita karibu na njia ileile, ikachukua mizigo yao. Safari iliyokuwa ya miezi sasa ikawa ya siku chache. Mshale wa pili uende Bagamoyo, iliyobaki nje ya reli na kupoteza biashara yake.

Mishale hiyo ndiyo maudhui ya jibu lako. Kila mmoja uandikie sababu isiyozidi maneno kumi. Ikizidi, bado hujaielewa, rudi daftarini. Kisha funika miaka yote kwa karatasi nyingine na usimulie njia ya kati kwa sauti ukifuata mishale pekee. Utakaposita, hapo ndipo pa kusoma usiku huo, kwingine pumzika.