Vilele viwili havitoshi: jinsi atomi inavyohesabu fotoni

Mwaka wangu wa kwanza wa masta nilionyesha kwenye semina grafu yenye vilele viwili, nikatangaza kwa kujiamini kwamba hiyo ni kwanta tupu. Mhadhiri mmoja akauliza: "Na bembea mbili zilizounganishwa kwa kamba, nazo ni kwanta?" Nikakosa jibu.

Chukua atomi yenye ngazi mbili tu za nishati, uiweke kati ya vioo viwili vinavyotazamana. Vioo hivyo vinahifadhi mwanga wa masafa mamoja, yaleyale ya atomi. Atomi ikiingia imesisimka na ndani hamna fotoni hata moja, itatoa fotoni. Fotoni haina pa kwenda, basi inamezwa tena, inatolewa tena. Kupokezana huku kunayagawa masafa mamoja kuwa mawili, moja juu kidogo, jingine chini kidogo. Ndiyo vile vilele vyangu, na umbali kati yake ndiyo kasi ya kupokezana.

Sasa, bembea nazo hupokezana vivyo hivyo. Tofauti inajitokeza ukiongeza nguvu: hata ukiisukuma bembea zaidi kidogo, kasi ya kupokezana inabaki ileile. Kwa atomi inabadilika. Nishati ya mwanga hukua pamoja na idadi ya fotoni, ila uga wa umeme unaoivuta atomi hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo. Fotoni zikiwa n, atomi iliyosisimka hupokezana kwa kasi ya ombwe mara √(n + 1). Ile 1 ni fotoni ambayo atomi yenyewe inaileta, ndiyo maana hata n ikiwa sifuri mchezo unaendelea.

Mwaka 1996 kundi la Serge Haroche, Paris, lilipima jambo hili. Walipitisha atomi za rubidi zilizosisimuliwa hadi ngazi ya 51 kati ya vioo vya niobi vilivyopoozwa chini ya kelvini 1, kisha wakaangalia ngapi zimetoka zikiwa ngazi ya 50. Kwenye ombwe, mzunguko mmoja ulichukua takriban maikrosekunde 21, yaani kilohezi 47. Hesabu yetu inatabiri kwamba fotoni 1, 2 na 3 zitatoa takriban 66, 81 na 94.

Walipoingiza mwanga hafifu, wa wastani wa fotoni moja hivi, grafu ikavurugika, kwa sababu idadi ya fotoni haikuwa moja kila mara. Wakayachambua masafa yaliyochanganyika humo: 47, 65, 81, 95. Ngazi zimeachana kabisa, kwa sababu hakuna nusu fotoni.

Vioo vikivujisha fotoni mapema, ngazi hizo hufifia. Vya Paris viliishikilia kwa takriban maikrosekunde 220. Na fotoni zikiwa nyingi, ngazi husogeleana: kutoka kipeuo cha 100 hadi cha 101 ni nusu asilimia tu. Hapo atomi inaona mwanga wa kawaida.