Mja mzito, anayenyonyesha na deni la Ramadhani

Leo tutazame jambo ambalo akina mama huliuliza kila mwaka: mama mwenye mimba aliyekula Ramadhani, je, atoe chakula tu, alipe siku zake, au afanye yote mawili?

Kufunga ni kutia nia usiku, kabla ya alfajiri, kisha kujizuia na kula, kunywa na tendo la ndoa mpaka jua lizame. Katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, Mwenyezi Mungu amewapa ruhusa mgonjwa na msafiri wale, kisha watimize hesabu katika siku nyingine. Mkongwe, na mgonjwa asiyetarajiwa kupona, wao hawalipi saumu, bali humlisha maskini kwa kila siku. Ama mja mzito na anayenyonyesha, imepokewa katika hadithi ya Anas bin Malik al-Kaabi kwamba nao wamepunguziwa saumu. Lakini hadithi hiyo haikubainisha walipe nini baadaye, na hapo ndipo wanazuoni walipotofautiana.

Imam Abu Hanifa amesema walipe siku tu. Imepokewa kwa Ibn Abbas na Ibn Umar kuwa walishe tu. Madhehebu ya Imam Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, yanatazama sababu ya kula. Mama akichelea nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, atalipa siku peke yake, kama mgonjwa. Akichelea mtoto tu, ilhali yeye mwenyewe ana nguvu, atalipa siku na atatoa fidia ya kibaba (mudi) kimoja kwa kila siku, kwa kuwa faida ya kula kwake imemfikia mwingine.

Hofu hiyo si dhana tupu. Hujulikana kwa kauli ya tabibu mwaminifu, kwa uzoefu wa mimba iliyotangulia, au kwa dalili za wazi: kizunguzungu, kutapika kusikokoma, mkojo mchache uliokoza rangi, au maziwa kupungua. Mtoto akipunguza kucheza tumboni, mama asingoje magharibi. Na afungue na aende hospitali mara moja.

Tuchukue mfano. Mama mmoja alifunga siku 11 za mwanzo za Ramadhani ya siku 29. Kisha tabibu akamwambia kuwa yeye ni mzima, lakini mtoto hakui inavyotakiwa, na akamshauri asifunge. Akala siku 8. Ndipo akajifungua, na siku 10 zilizobaki akawa katika nifasi. Baada ya Idi akatoa kilo 5 za mchele, akadhani ameondokewa na dhima.

Hesabu yake ni hii. Siku za kulipa ni 18, yaani 8 za hofu na 10 za nifasi. Fidia ni ya zile siku 8 tu, kwani nifasi haina fidia. Damu hiyo humharamishia mwanamke kufunga. Kibaba ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani, na kwa mchele hukadiriwa kiasi cha gramu 600. Vibaba 8 ni karibu kilo 4.8. Basi mchele wake ulitosha fidia, lakini siku 18 bado ziko shingoni mwake. Mchele haukuziondoa.

Je, akichelewa? Ikiwa mwaka mzima ananyonyesha, na kila akijaribu kufunga maziwa hupungua, hadi Ramadhani ya pili ikaingia, huo ni udhuru. Hana fidia ya kuchelewesha. Akishamwachisha mtoto ziwa, akawa na afya na nafasi, kisha akapuuza hadi Ramadhani nyingine ikamkuta, ataongeza kibaba kimoja kwa kila siku aliyoiacha bila ya kulipa, mbali na fidia ya awali. Si lazima azifululize siku hizo. Anaweza kufunga Jumatatu na Alhamisi mpaka zitimie, ila nia ya kulipa aitie usiku.

Kwa hiyo, dada yetu, andika siku ulizokula na sababu ya kila moja siku ile ile. Miezi ikipita, huwezi tena kutenganisha siku ya hofu na siku ya nifasi, na fidia yako imesimama juu ya tofauti hiyo.

Wallahu aalam.