Chenji ya Penseli

Weka sarafu mbili za Kenya mezani, ya shilingi 1 na ya shilingi 5, kisha umuulize mtoto wa gredi ya pili ipi ina pesa nyingi. Usishangae akigusa ya shilingi 1, maana kweli ni pana kuliko mwenzake. Ndiyo sababu sarafu za duka la darasani hazifai kuchorwa ovyo ovyo. Mimi hufunika sarafu halisi kwa karatasi, nikasugua kwa penseli mpaka mnyama atokeze, kisha nikakata na kubandika kwenye kadibodi. Sarafu zilizotolewa 2018 zina twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na ndovu kwenye 20, kwa hiyo watoto huita pesa kwa majina ya wanyama.

Kabla ya kuuza chochote, tunabadilishana tu: twiga watano kwa kifaru mmoja. Mwenye twiga watano hulia kwamba amepunjwa, kwani alikuwa na vitano na sasa ana kimoja. Mwache abadilishe na kurudisha hata siku tatu. Akiharakishwa hapa, chenji itamshinda.

Duka lenyewe ni dawati, paketi tupu za majani chai na sabuni, na bei zilizoandikwa. Kopo la muuzaji liwe na twiga wengi. Bila hao biashara hukwama mapema.

Mteja anakuja.

"Mama duka, nipe penseli."

"Shilingi 13."

Mteja anatoa ndovu. Hapa walimu wengi huandika 20 kutoa 13 ubaoni, lakini muuzaji wa kweli hatoi, anajaza. Anaanzia kwenye bei na kuweka sarafu moja moja kiganjani mwa mteja: twiga, "kumi na nne", twiga, "kumi na tano", kifaru, "ishirini". Kiganjani mna shilingi 7, na wote wawili wamesikia hesabu.

Makosa huonekana kwenye kiganja. Ukikuta shilingi 8, muuzaji ametaja "kumi na tatu" huku akiweka twiga wa kwanza. Dawa ni ataje bei akiwa ameshika penseli, sarafu bado zimo koponi. Ukisikia "kumi na sita" kifaru kinapotua, anahesabu vipande, si thamani. Mrudishe kwenye kubadilishana. Na yupo anayerudisha 13 kamili, bei yenyewe. Huyo hajaelewa chenji ni ya nani, basi awe mteja kwa muda.

Mwaka jana twiga waliisha koponi. Muuzaji, ambaye nyumbani kwao wana kibanda, akamtazama mteja aliyeshika ndovu, akauliza, "Huna tatu?" Mteja akaongeza twiga watatu, akapewa simba mmoja. Darasa zima likataka kujua pesa ya nani imepotea, na kipindi kikaisha tukiwa bado tunazihesabu sakafuni.