Hisa Mia Ndani ya Mkataba Mmoja

Jumatatu ya tarehe 9 Mei 2011, hisa za benki ya Citigroup ziliamka na bei mpya katika soko la New York. Ijumaa iliyotangulia hisa moja iliuzwa kwa takribani dola 4.50. Jumatatu hiyo ilikuwa takribani dola 44. Benki haikuwa imetajirika mara kumi kwa siku tatu. Ilikuwa imeziunganisha hisa zake, kila kumi zikawa moja, na bei ikapanda kwa kipimo hicho hicho.

Ila upande wa opsheni ilibaki mikataba ya zamani iliyompa mwenye nayo haki ya kununua Citigroup kwa dola 4, nayo thamani yake ilikuwa senti arobaini na kitu tu. Haki ya kununua kwa dola 4 kitu kinachouzwa dola 44, tena kwa senti! Mgeni wa soko hili angedhani ameokota fedha barabarani. Kosa lake lingekuwa katika namba moja ambayo haiandikwi kando ya bei, kwa kuwa wazoefu wanaijua tayari: mia.

Opsheni ni mkataba unaompa mnunuzi haki, bila kumlazimisha, ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyokubaliwa, kabla muda haujaisha. Muuzaji wa opsheni hupokea fedha mwanzoni na kubeba wajibu: mnunuzi akiitumia haki yake, yeye hana budi kutimiza. Katika masoko ya Marekani mkataba mmoja wa opsheni ya hisa kwa kawaida hubeba hisa 100, lakini bei yake hutajwa kwa hisa moja. Anayeona 2.40 kwenye skrini anapaswa kusoma dola 240. Hiyo 100 ndiyo kizidishi.

Asili yake ni desturi ya soko la hisa lenyewe. New York ilizoea kuuza hisa kwa mafungu ya mia mia. Aliyetaka hisa 30 au 70 alihudumiwa na madalali maalumu wa vipande, nao kwa kawaida walimtoza nyongeza ya moja ya nane ya dola, yaani senti 12.5, kwa kila hisa. Msomaji wa Kenya anaifahamu desturi hiyo: Soko la Hisa la Nairobi nalo lilitumia fungu la hisa 100 kwa miaka mingi, hadi mwaka 2025 liliporuhusu kununua hata hisa moja.

Kabla ya 1973 opsheni za Marekani hazikuuzwa sokoni. Dalali alimtafuta mnunuzi, akamtafuta muuzaji, wakakubaliana bei na tarehe zao wenyewe. Kila mkataba ulikuwa tofauti na mwingine, kwa hiyo aliyetaka kujitoa kabla ya wakati alitaabika kupata mtu wa kuuchukua. Wafanyabiashara wa nafaka wa Chicago waliliona tatizo hilo kwa jicho lao, maana mahindi walikuwa wakiyauza kwa mikataba inayofanana kabisa, kila mmoja ukiwa na busheli 5,000. Ukishajua ukubwa haubadiliki, kinachobaki kujadiliwa ni bei.

Tarehe 26 Aprili 1973 wakafungua soko la opsheni, CBOE, katika ukumbi uliokuwa wa wanachama kuvutia sigara ndani ya jengo la soko la nafaka. Walianza na kampuni 16 na haki za kununua peke yake. Haki za kuuza zilikuja 1977. Siku ya kwanza ziliuzwa opsheni 911, sawa na hisa 91,100. Kuchagua mia kulikuwa na maana ya kazi: muuzaji aliyekuwa na fungu moja la hisa aliweza kuliwekea mkataba mmoja, na mnunuzi aliyeitumia haki yake alikabidhiwa fungu kamili, bila vipande vya kumtafutia dalali mwingine.

Sasa tuifanye hesabu kwa mfano wa kubuni. Hisa ya kampuni moja ni dola 50. Opsheni ya mwezi mmoja inayompa mtu haki ya kuinunua kwa dola 50 inatajwa kwa 2.40. Mnunuzi wa mkataba mmoja analipa dola 240, mbali na ada ya dalali. Jirani yake ananunua hisa zenyewe 100 na kulipa dola 5,000.

Hapa wengi huteleza kwa kuchanganya mistari miwili ya hesabu. Bei huenda kwa hisa moja, fedha huenda kwa mkataba. Ili mnunuzi arudishe fedha yake, hisa inapaswa kufika dola 52.40, yaani 50 kujumlisha 2.40. Kizidishi hakiguswi hapo. Kinaingia baadaye, tofauti ya bei inapogeuzwa kuwa fedha mkononi.

Mwezi ukiisha hisa ikiwa dola 58, haki ya kununua kwa 50 ina thamani ya dola 8 kwa hisa, au 800 kwa mkataba. Toa 240, inabaki faida ya dola 560, zaidi ya mara mbili ya fedha iliyowekwa. Jirani mwenye hisa amepata dola 800, lakini kwa mtaji wa 5,000 hiyo ni asilimia 16.

Hisa ikiishia dola 51 mambo yanageuka, na huu ndio mfano unaostahili kutazamwa kwa makini kuliko ule wa faida. Jirani ameongeza dola 100. Mwenye opsheni alisema hisa itapanda, na kweli imepanda. Lakini haki yake ina thamani ya dola 1 mara 100, naye alilipa 240. Amepoteza dola 140 huku utabiri wake ukiwa sahihi. Na ikiishia 49, jirani amepungukiwa dola 100 na hisa zake bado anazo za kusubiria; mwenye opsheni amepoteza zote 240 na mkataba umekufa.

Senti nazo hukua. Kwenye skrini huwa kuna bei mbili, ya kununulia na ya kuuzia. Aliyenunua kwa 2.40 huku bei ya kuuzia ikiwa 2.30 ameshaachia senti kumi, na senti kumi mara mia ni dola 10. Hiyo ni zaidi ya asilimia 4 ya alicholipa, kabla hisa haijasogea hata kidogo. Kwenye opsheni zisizo na wanunuzi wengi pengo hilo huwa pana zaidi, na ndiyo sababu mzoefu hulitazama kwanza.

Hatari kubwa zaidi hujificha siku ya mwisho. Kwa utaratibu wa OCC, taasisi inayosimama kati ya wanunuzi na wauzaji wote wa opsheni Marekani, haki iliyoishia na faida ya angalau senti moja kwa hisa hutumiwa yenyewe, isipokuwa mwenyewe au dalali wake aagize vinginevyo. Tuseme hisa yetu imefunga Ijumaa kwa dola 50.30. Mtu aliyetoa dola 240 na kusahau anakuta amenunua hisa 100 na anadaiwa dola 5,000. Madalali wengi huiuza opsheni hiyo mchana wa siku ya mwisho wakiona akaunti haina fedha za kutosha, na mteja hana sauti juu ya bei watakayopata. Mwenye kutaka kuliepuka hilo huiuza mwenyewe mapema.

Kwa muuzaji uzito huo ni mkubwa kuliko hata huo. Mtu anauza haki ya kuuza kwa dola 50, yaani anaahidi kuzinunua hisa kwa bei hiyo iwapo mwenye haki atazileta, na anapokea 1.80. Mkononi ni dola 180. Ahadi aliyoibeba ni ya dola 5,000. Kampuni ikitangaza hasara na hisa ikaanguka hadi 35, atalipa 5,000 kwa mali ya 3,500. Ukiondoa zile 180, amepoteza dola 1,320. Akiona 180 ni ndogo akauza mikataba mitano, amepokea 900 na kuahidi 25,000. Kosa hili huanzia pale mtu anapohesabu mikataba kana kwamba ni hisa: tano inasikika kama kidogo, kumbe ni hisa 500.

Ukubwa huu usiokatika umewahi kujaribiwa kupunguzwa. Machi 2013 zilianzishwa opsheni ndogo za hisa 10 kwa majina machache ya bei ghali, yakiwemo Apple, Amazon na Google. Hadi mwisho wa 2014 zilikuwa zimeachwa. Ni rahisi kuona ugumu wake: ada ya dalali hutozwa kwa mkataba, na ada ile ile inayovumilika kwenye dola 240 inauma kwenye dola 24.

Njia iliyopunguza uzito kwa vitendo ni kampuni kugawanya hisa zake. Nvidia ilifanya hivyo Juni 2024, hisa moja ikawa kumi. Mkataba wa kununua kwa dola 1,200, uliokuwa unabeba mali ya dola 120,000, ukawa mikataba kumi ya dola 120, kila mmoja na hisa zake 100. Jumla haikubadilika, ila sasa mtu aliweza kuchukua sehemu moja ya kumi.

Citigroup walikwenda upande wa pili, na huko ndiko mia inakoteleza. Hisa zilipounganishwa kumi kuwa moja, hisa 100 za mkataba wa zamani zikawa 10. Kizidishi cha bei kikabaki 100 vile vile. Kwa hiyo aliyeitumia haki ya dola 4 alilipa 4 mara 100, dola 400, na kukabidhiwa hisa 10 zenye thamani ya takribani dola 440. Faida ya ndani ya mkataba ilikuwa dola 40 hivi, ambazo ukizigawa kwa mia unapata senti arobaini na kitu zile zile za kwenye skrini.

Mikataba ya namna hii hutambulika. Jina lake fupi huongezewa tarakimu, na maelezo yake hutaja idadi ya hisa zinazokabidhiwa. Aliyesoma mstari huo Jumatatu ile aliona 10 mahali alipotarajia 100.