Dundu Husoma Jua Akiwa Juu ya Donge

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1974, dundu wapatao 16,000 walilivamia lundo moja la mavi ya tembo huko Tsavo, Kenya. Lundo lilikuwa na kilo moja na nusu. Saa mbili baadaye halikuwepo.

Penye umati huo wezi hawakosekani. Kufinyanga donge ni kazi, na kumpora aliyekwisha kulifinyanga ni rahisi zaidi. Kwa hiyo anayelimaliza lake huondoka mbio kutafuta udongo laini wa kulizika. Haendi nyumbani, maana hana nyumba. Upande wowote utamfaa, na akirudi kuchukua donge jingine huenda akashika upande tofauti kabisa. Asichotaka ni kupinda, kwa sababu anayepinda anaweza kujikuta tena lundoni, katikati ya waporaji.

Shida ni namna anavyosafiri. Kichwa kiko chini, miguu ya mbele inakanyaga ardhi, ya nyuma inasukuma donge, naye anakwenda kinyumenyume. Aendako hakuoni.

Ndiyo maana kabla ya kuondoka hupanda juu ya donge na kujizungusha, kisha hushuka na kuanza kusukuma. Emily Baird, Marcus Byrne, Marie Dacke na wenzao walichunguza mizunguko hiyo nchini Afrika Kusini. Waliona kwamba dundu huirudia hasa anapokumbana na kizuizi, anapoangushwa, au donge linapomponyoka. Kisha wakamchezea shere: walilikinga jua kwa kivuli, wakalirudisha kwa kioo kutoka upande wa pili. Dundu alisimama, akapanda, akazunguka, kisha mara nyingi akaushika mwelekeo mpya uliolingana na jua hilo la uongo.

Inaonekana kwamba akizunguka hujiwekea picha ya anga kichwani: jua liko wapi, na mwanga umetandaje. Akiwa njiani huilinganisha na anachokiona, vikitofautiana, hujirekebisha. Jua nalo husogea, ila safari yake ni ya dakika chache tu, kwa hiyo kosa hilo halimdhuru.

Si kila apandapo anatafuta njia, lakini. Adhuhuri mchanga ukizidi nyuzi 50, baadhi hukwea ili kupoza miguu, kwani donge lenye unyevu ni baridi kuliko ardhi. Watafiti walipowavisha viatu vidogo vya silikoni, walipanda mara chache zaidi.

Usiku usio na mwezi, spishi iitwayo Scarabaeus satyrus hutumia mkanda wa nyota wa Njia ya Maziwa. Watafiti waliwavisha kofia ndogo za karatasi ngumu zilizowaziba macho ya juu, nao wakaanza kutangatanga. Katika jumba la kuonyeshea nyota mjini Johannesburg, mkanda huo peke yake uliwatosha kunyoosha njia. Mawingu mazito yakitanda, hupotea.