Muhtasari wa Ombi la Vitabu Huanzia Kwenye Daftari la Kuazimisha

Anayepitia maombi ya ruzuku huwa na rundo mezani, na kitu cha kwanza anachosoma ni muhtasari. Mara nyingi ni aya moja tu. Ikiwa aya hiyo ni ya maneno ya jumla, bajeti na viambatisho vilivyo nyuma yake husomwa kwa shaka, kama vitasomwa.

Tuchukue maktaba ya jamii ya mfano, ya chumba kimoja, katika mji mdogo wa Tanzania, jirani na sekondari ya kata na shule mbili za msingi. Kamati yake ikikaa kuandika, rasimu ya kwanza huenda ikawa hivi:

"Maktaba yetu inakabiliwa na uhaba mkubwa wa vitabu. Vijana wengi wanakosa fursa ya kujisomea, na elimu ni ufunguo wa maisha. Tunaomba mtusaidie vitabu vya kisasa ili kuinua kiwango cha elimu wilayani kwetu."

Hakuna uongo hapo. Shida ni kwamba maktaba yoyote ingeweza kuituma aya hiyo bila kubadilisha neno. Vitabu gani vinakosekana? Nani anavikosa? Halafu inaahidi wilaya nzima, ilhali chumba kina viti ishirini. Mfadhili mzoefu huikwepa ahadi ya namna hiyo, kwa sababu ufaulu una mambo mengi nyuma yake, na mwaka ujao hatakuwa na njia ya kujua kama vitabu ndivyo vilivyouinua.

Majibu yamo kwenye daftari la kuazimisha, lile lenye safu za tarehe, jina la msomaji, kitabu na siku ya kurudisha. Kamati ipitie kurasa za miezi mitatu na kuhesabu. Itaona kitabu kilekile kikirudi asubuhi na kuondoka mchana, na vingine ambavyo havijaguswa kabisa. Hivyo visivyoguswa visifichwe. Maktaba nyingi za jamii zina rafu zilizojaa vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, vya mitaala ya nchi nyingine, na mtathmini akifika akaziona atauliza uhaba uko wapi. Kuna jambo moja ambalo madaftari mengi hayaandiki: waliokuja wakakosa. Ikiongezwa safu yao, ombi linapata ushahidi ambao hakuna hotuba inayoweza kuushinda.

Tuseme daftari la maktaba yetu lina safu hiyo. Sasa kamati inaweza kuandika:

"Kati ya Januari na Machi, wanafunzi 64 walikuja kuazima Ngoswe au Watoto wa Mama N'tilie wakaondoka mikono mitupu, kwa kuwa tuna nakala mbili tu za kila kimoja. Watoto wa darasa la kwanza hadi la nne, ambao ndio wengi siku za Jumamosi, wanagombea vitabu 40 vya hadithi za Kiswahili, vingi vikiwa vimechanika. Tunaomba shilingi 2,600,000 kununua nakala 120 za vitabu vya fasihi vya sekondari na 180 za hadithi za watoto, pamoja na kuvifunika na kuvisafirisha. Rafu zimeshatengenezwa kwa michango ya wazazi. Baada ya miezi sita tutawaletea hesabu kutoka daftari lilelile: wangapi wameazima na wangapi bado wanakosa."

Kiasi hicho hakikuokotwa hewani. Kwa bei iliyo kwenye profoma ya duka la vitabu, nakala 120 kwa shilingi 10,000 ni 1,200,000, na 180 kwa shilingi 6,000 ni 1,080,000. Zinabaki 320,000 za nailoni, gundi, muhuri na nauli ya mzigo. Vitu hivyo vidogo husahaulika sana, na kitabu cha jalada la karatasi kisichofunikwa hakidumu mikononi mwa watoto. Jumla ya kwenye muhtasari lazima ilingane na ya kwenye bajeti hadi shilingi ya mwisho. Kwa hiyo aya hii, ingawa husomwa kwanza, iandikwe mwisho, bajeti ikishafungwa. Zikitofautiana, mtathmini hataangalia ipi ni sahihi. Ataanza kujiuliza nani anashika fedha hapo.

Mpangilio wa sentensi unategemea anayeombwa. Mfadhili akiwa anasaidia usomaji wa watoto wadogo, sentensi ya Jumamosi itangulie na ya sekondari ifuate. Takwimu hazibadiliki, kinachobadilika ni mlango wa kuingilia.

Kutaja idadi na bei kuna faida nyingine siku mfadhili anapokuwa na shilingi 1,500,000 tu. Anaona palepale kwamba nakala 120 za sekondari zinanunulika zote na nailoni na nauli zinapatikana, kisha anapiga simu kuuliza kama kamati inakubali hadithi za watoto zisubiri awamu nyingine. Ombi la "mtusaidie vitabu" halina mahali pa kupunguzia.