Kabla ya Kutia Sahihi Karatasi ya Malipo ya Mwisho Kazini

Wakaazi wengi wa Kayole, Umoja, Dandora na Embakasi hufanya kazi katika viwanda na maghala ya Eneo la Viwanda na Barabara ya Mombasa. Kampuni inapopunguza wafanyakazi, kila mmoja huitwa ofisini na kupewa karatasi moja ya kutia sahihi kabla ya kulipwa. Karatasi hiyo husema kwamba umepokea malipo yako yote na kwamba hutamdai mwajiri kitu kingine chochote.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kiasi ulichopokea ni jambo moja, na haki ya kudai zaidi ni jambo lingine. Ukitia sahihi, unakiri la kwanza na unaweza kupoteza la pili.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi anayelipwa shilingi 24,000 kwa mwezi, aliyefanya kazi miaka 6 na miezi 4. Anaambiwa tarehe 12 kwamba nafasi yake imeondolewa na asirudi kesho. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Tukigawa mshahara kwa siku 30, siku 15 ni shilingi 12,000, na miaka 6 ni shilingi 72,000. Kwa kuwa hakupewa notisi ya mwezi mmoja, analipwa mshahara wa mwezi huo, shilingi 24,000. Siku 12 alizofanya kazi ni shilingi 9,600. Kama amebakisha siku 10 za likizo, hizo ni shilingi 8,000. Jumla, kabla ya makato, ni shilingi 113,600.

Tuseme karatasi inasema shilingi 60,000, bila kueleza zimetoka wapi. Akitia sahihi, tofauti ya shilingi 53,600 si hasara yake pekee. Sheria inamtaka mwajiri amjulishe afisa wa leba angalau mwezi mmoja kabla, na achague wa kuondoka kwa kuangalia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mtu. Hatua hizo zikirukwa, mahakama inaweza kuamua kwamba aliachishwa kazi isivyo haki na kumpa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Kwa mfanyakazi huyu, hiyo ni shilingi 288,000 kwa kiwango cha juu kabisa. Nafasi ya kuomba fidia hiyo ndiyo anayoiweka hatarini kwa sahihi moja.

Je, sahihi hufunga kila mlango? Mwaka 2013, katika kesi ya kampuni ya Thomas De La Rue, Mahakama ya Rufani ilisema karatasi ya aina hii peke yake haimwondolei mwajiri wajibu wa kisheria. Mahakama itauliza kama mfanyakazi alitia sahihi kwa hiari, akijua yote aliyopaswa kujua. Lakini mwaka 2018, katika kesi ya Coastal Bottlers, mahakama hiyo hiyo iliyaheshimu makubaliano yaliyotiwa sahihi, kwa kuwa haikuona kulazimishwa wala kudanganywa. Kwa hivyo usitie sahihi ukitegemea kwamba jaji atakuokoa baadaye.

Kuna mambo ambayo karatasi haiwezi kukunyang'anya. Kifungu cha 3 cha sheria hiyo kinasema makubaliano ya kuacha viwango vya chini vya sheria ni batili. Cheti cha utumishi ni haki yako hata kama hamjaelewana. Akiba yako ya NSSF pia ni yako.

Ukipewa karatasi, omba hesabu iliyoandikwa, kila malipo kwenye mstari wake, kisha omba muda wa kwenda nayo kwa chama cha wafanyakazi au afisa wa leba. Piga picha ya kila ukurasa. Kama kiasi kinachotolewa ni kile tu unachodai kisheria, unaweza kukipokea na kuandika kando ya sahihi yako: "Nimepokea shilingi hizi, lakini sijaachilia madai yangu mengine." Mwajiri akikataa maneno hayo, au akikuambia utie sahihi papo hapo au ukose, andika siku hiyo hiyo barua au ujumbe wa kupinga na uweke nakala. Ushahidi wa siku ile husaidia kuliko maelezo ya miezi baadaye.

Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3, na kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, iliyoko Milimani kwa wakaazi wa Nairobi, ndani ya miaka 3. Ofisi za leba ni za Serikali ya Kitaifa. Nenda na barua ya kuachishwa kazi, hati za mshahara na picha ya karatasi uliyopewa.